Njia fupi kutoka “mnajua pesa” hadi “bilulu”

“Mama Profesa, jambo sana. Mimi ni Muluba wa Kasai, nimezaliwa hapa Lubumbashi, kazi yangu ni umakanika. Karakanani wenzangu wananiita Benki, na mwezi uliopita bosi alinikabidhi kasha la pesa akisema watu wa kwetu hawapotezi hata faranga. Nikikunja uso wananiambia ni utani, tena ni sifa. Katika mazungumzo yako redioni ulisema hata sifa inaumiza, halafu muda ukaisha. Utani unageuka dharau wapi? Na mtu anaumizwaje na sifa?”

Mwanangu, jambo sana nawe. Nianzie kwenye kilio, kwa sababu ukishauona utani wenyewe ulivyo hasa, utatambua upesi mahali unapokoma.

Mume wangu ni wa upande wa Kasenga, na kwao wanasema Kibemba. Koo zao zina majina ya wanyama na ya vitu, na kuna koo ambazo ni watani tangu zamani, wanaitana banungwe. Ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi ni banungwe kwa sababu chui hula mbuzi. Mamba na samaki vivyo hivyo. Baba mkwe wangu alipofariki, mtani wake alifika watu wakiwa wamekwisha kukaa. Alipita katikati ya waombolezaji, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akaagiza bia kwa sauti, akasema mzee huyu alikuwa mbuzi mbaya, hata angechinjwa nyama yake isingeiva. Mama mkwe alicheka huku machozi yakimtiririka. Kisha mtu yuleyule akavua koti, akachukua beleshi, akaenda kuchimba kaburi, na hakutoka makaburini mpaka udongo uliposawazishwa. Ndiyo kazi ya mtani. Anakutukana kwa haki aliyo nayo, na kwa haki hiyohiyo anakuzika. Siku akifa yeye, mbuzi watakwenda kuketi kwenye kiti chake.

Angalia vizuri kilichomo mle ndani. Kwanza, tusi lina njia ya kurudi: aliyetukanwa leo ana ruhusa ya kutukana kesho, kwa ukali uleule, na hakuna atakayemwambia amevuka mpaka. Pili, utani umefungwa na deni. Anayekucheka anajua atakuja kushika beleshi. Tatu, na hili watu hulisahau, hakuna mtu anayeamini kwamba baba mkwe wangu alikuwa mbuzi. Ni hadithi ambayo pande zote mbili zinajua ni hadithi. Hakuna aliyewahi kunyimwa kazi, mke au kiti cha uongozi kwa sababu ni wa ukoo wa mbuzi.

Sasa rudi karakanani kwako. Wao wana neno la kukuita. Je, wewe una lako la kuwarudishia, nao wakacheka? Bosi akikutania juu ya kabila lako, unaweza kumtania juu ya la kwake mbele ya mafundi wote, halafu Jumatatu ukaja kazini bila wasiwasi? Kama jibu ni hapana, basi nusu ya utani tayari imeondoka. Imebaki nusu inayoteremka tu, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nayo, na kwa wengi kwenda kwa mmoja. Hiyo bado si chuki. Ila ni mahali ambapo chuki ikija itakuta kiti kimeandaliwa.

Mpaka wenyewe kati ya utani na dharau hauonekani katika ukali wa neno. Mtani wa baba mkwe wangu alisema maneno makali kuliko yote utakayoyasikia karakanani. Mimi husikiliza mambo mawili. La kwanza ni wakati wa kitenzi. Utani husimulia tukio: “Siku ile ulihesabu chenji mara tatu!” Dharau haina siku wala tukio, inaeleza maumbile: “Nyinyi mko hivyo.” Pale “wewe ulifanya” inapogeuka kuwa “nyinyi mko”, mtu ameshatolewa mbele yetu na kabila limewekwa mahali pake. Huwezi tena kujitetea kwa kuonyesha ulichofanya, kwa sababu hakuna ulichotuhumiwa kufanya.

La pili ni neno moja dogo ambalo hapa kwetu tunalisema bila kufikiri, tena kwa mapenzi: “Wewe Mukasai, lakini uko muzuri.” Au: “Wewe si kama wengine.” Ukisikia hivyo ujue hukumu ya wengine imekwisha kutolewa, tena zamani, na wewe umepewa msamaha wa muda. Aliyekupa anaweza kuuchukua. Wengi wetu hupokea msamaha huo kwa furaha, tukasahau kwamba mama yetu na ndugu zetu wamebaki upande wa waliohukumiwa.

Najua watakachokujibu: “Sisi tunacheka tu, hatuna chuki.” Na kwa wengi wao ni kweli. Mwanasaikolojia Thomas Ford na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, hasa kwa mizaha dhidi ya wanawake. Walichokiona ni kwamba mzaha wa dharau haumwingizii chuki mtu asiyekuwa nayo. Unafanya kazi nyingine: unampa ruhusa yule aliyekuwa nayo na akaificha. Katika jaribio moja walilolichapisha mwaka 2008, wanaume waliokuwa na uhasama kwa wanawake, baada ya kusikia mizaha ya namna hiyo, walikuwa tayari kuchangia pesa pungufu kwa shirika la wanawake. Wasio na uhasama huo hawakubadilika. Maana yake ni hii: katika mafundi kumi wanaokucheka, tisa wanaweza kuwa watu wema kabisa. Kicheko chao ndicho kinachomwambia yule wa kumi kwamba hapa hakuna atakayemkataza. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nani ana moyo mbaya. Sikiliza tu neno gani sasa linasemwa kwa sauti ambalo mwaka jana lilisemwa kwa kunong’ona.

Hapa ndipo redio ilipokatika, na hapa ndipo nilipokuwa na mengi zaidi ya kusema. Sifa.

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji mifano ya mbali. Sifa unayoisikia karakanani, kwamba Baluba wa Kasai wanajua kazi, wanajua pesa, wanajua kitabu, ina umri mkubwa kuliko bosi wako, na tunajua ilikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi ya Kasai ilivurugwa na wawindaji wa watumwa. Baluba wengi walikimbia makwao wakaja kujikusanya karibu na kituo cha Luluabourg, Kananga ya leo, kilichoanzishwa mwaka 1884, na karibu na misheni ya Mikalayi ambayo mapadri wa Scheut waliifungua mwaka 1891. Mkimbizi hana shamba la baba yake la kurudia. Anashika kinachopatikana, na kilichopatikana pale kilikuwa shule na kazi ya mshahara. Wakaingia mapema, wakafika mbele. Ndiyo sababu yote. Haikuwa damu. Ilikuwa barabara waliyojikuta wamesimama juu yake.

Baadaye kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikaona shida ya wafanyakazi waliokuja miezi michache na kuondoka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke, watoto wazaliwe kambini. Mwaka 1928 reli kutoka Bukama ilifika Ilebo, na treni ikaanza kuwaleta watu kutoka Kasai na Lomami moja kwa moja hadi kwenye migodi. Na wakubwa wa kikoloni wakasema na kuandika kwamba Muluba ni mwerevu, ni mchapakazi, anapenda maendeleo. Lakini sifa ya namna hiyo haiwezi kusimama peke yake. Ukisema huyu ni mwerevu kwa kabila lake, umeshasema jirani yake ni nini kwa kabila lake. Wenyeji wa hapa wakaitwa wavivu na wazito. Mimi ni Musanga wa Likasi. Babu yangu alikufa akiwa bado anakumbuka jina la msimamizi wa Kizungu aliyemwambia hivyo. Sifa yenu na tusi letu vilitoka katika kinywa kimoja, siku moja, kwa faida ya yuleyule.

Sasa fuata safari ya maneno hayo. Uchaguzi wa kwanza wa komini ulipofanyika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwezi wa Desemba 1957, kati ya Waafrika waliopata kuongoza komini hakuna hata mmoja aliyehesabiwa kuwa mwenyeji wa Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga wa kweli. Kule Luluabourg, mwaka 1959, Baluba walipigana na Balulua, majirani wa lugha moja, na maelfu wakakimbia kuelekea kusini mwa Kasai. Katanga ilipojitenga, kuanzia Julai 1960, Baluba waliojaa hofu walikusanyika katika kambi ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji huu. Kisha kukawa na kimya cha miaka thelathini hivi, watu wakaoana, wakafanya kazi pamoja, wakataniana.

Halafu shaba ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika tani 60,000. Mishahara ikachelewa, hospitali za kampuni zikakosa dawa. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ukamchagua Étienne Tshisekedi, Muluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kabla ya mwezi kwisha nyumba za Bakasai zilianza kushambuliwa hapa Lubumbashi, halafu Likasi, na mwezi Machi 1993 Kolwezi. Watu mamia ya maelfu walifukuzwa, na wengi walikufa, njiani na kwenye vituo vya reli.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Likasi. Nilisikia neno bilulu likitumika kwa majirani zetu. Wewe unajua kilulu ni nini kwa Kiswahili chetu: ni mdudu, kitu cha kupulizia dawa. Lakini si neno hilo lililonifundisha zaidi. Lililonifundisha ni kwamba maneno mengine yote yalikuwa yaleyale ya zamani. Nilisikia watu wazima wakiorodhesha makosa ya Bakasai, na orodha ilikuwa ya sifa. Wanajua kazi: kwa hiyo wamechukua kazi zetu zote. Wamesoma: kwa hiyo wamejaza ofisi. Wanasaidiana: kwa hiyo wanabebana. Wanajua pesa: kwa hiyo pesa yetu wanayo wao. Hakuna aliyehitaji kutunga kashfa mpya. Kila sifa iligeuzwa upande wa pili kama kitenge, na rangi ilikuwa ileile.

Ndiyo sababu siamini wanaosema sifa na dharau ni vitu viwili. Zote mbili zinatoka katika kauli moja, “nyinyi mko hivyo”, na hali ya hewa ndiyo inayoamua upande gani utaonekana. Mwanasaikolojia Susan Fiske na wenzake walieleza mwaka 2002 kwamba tunapoyahukumu makundi ya watu tunatumia mizani miwili: je, wana uwezo, na je, ni wema kwetu? Kundi linalopewa alama ya juu kwenye uwezo mara nyingi hupewa ya chini kwenye wema, na kinachozaliwa hapo ni wivu. Kundi la namna hiyo watu hufanya nalo biashara vizuri sana wakati wa neema. Taabu ikija, ndilo la kwanza kushambuliwa. Mimi niliiona mizani hiyo stesheni ya Likasi kabla sijajua kwamba kuna kitabu kinachoieleza: familia zimekaa juu ya magodoro, masufuria yamefungwa kwa kamba, wiki baada ya wiki, zikingoja treni ya Mwene-Ditu, huko Kasai.

Lakini uliuliza juu ya mtu, si juu ya kabila. Mtu mmoja anaumizwaje siku ya kawaida, siku isiyo na vita?

Nilikuwa nakaa benchi moja na msichana wa Kasai. Darasa zima lilimwita Kalkuleta, na mwalimu pia. Hesabu ikiandikwa ubaoni, mwalimu alimgeukia: “Haya, Mukasai wetu.” Siri aliyoniambia mimi peke yangu ni kwamba hakuwa ameelewa mafungu, yale ya nusu na robo na theluthi. Alikuwa amekosa wiki mbili kwa malaria wakati yanafundishwa. Mimi, ambaye hakuna aliyenitarajia chochote, niliweza kunyoosha mkono na kusema sijaelewa. Yeye hakuweza. Angeuliza, darasa lingecheka: Mukasai gani huyu? Basi alinakili kutoka kwangu. Fikiria, Kalkuleta ananakili kutoka kwa Musanga! Alikaa hivyo miezi, amebanwa ndani ya sifa. Septemba hiyo benchi likabaki na mimi tu. Miaka mingi baadaye tulikutana hapa mjini, naye akanieleza kwamba huko Mwene-Ditu alijiunga na darasa ambalo watoto wote walikuwa Baluba. Hakukuwa na Mukasai pale, kwa sababu wote walikuwa Bakasai. Siku ya tatu alinyoosha mkono akasema sijui mafungu, mwalimu akayarudia.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2000 Sapna Cheryan na Galen Bodenhausen walifanya jaribio huko Marekani kwa wanawake wenye asili ya Asia, watu ambao kule husifiwa kuwa hodari wa hesabu. Baadhi yao walikumbushwa kwanza asili yao, kisha wakapewa mtihani wa hesabu. Hao ndio waliofanya vibaya, kwa sababu akili ilishindwa kutulia. Sehemu yake ilikuwa inahesabu, na sehemu nyingine inahofia kuvunja matarajio. Hakuna aliyewatukana. Walikumbushwa tu sifa.

Kuna umizo jingine ambalo halimo kichwani mwako bali mikononi mwa wengine, na kwa sababu umeshika kasha nataka ulisikilize vizuri. Nilikuwa mwanachama wa likelemba la wanawake kumi na watano. Kila wiki kila mmoja alitoa faranga 10,000, jumla 150,000, na mmoja wetu alizichukua zote. Mtunza pesa tulimchagua kwa dakika moja: mama wa Kasai, “kwa sababu nyinyi mnajua pesa”. Na kwa kuwa tulishaamini kabila lake, hatukuona haja ya daftari. Hakukuwa na sahihi wala mtu wa pili wa kuhesabu. Yeye mwenyewe aliomba daftari, tukamcheka: Mukasai gani anahitaji kuandika?

Wiki ya tisa, mwenye zamu alipewa faranga 110,000. Zilikosekana 40,000. Ungesikia sifa ile ilivyogeuka! Wanawake waliokula naye miaka wakasema tulijua, hawa watu na pesa, wewe umewaona wapi wakiachia. Neno “mnajua pesa” halikubadilika hata herufi moja. Jioni hiyo niliketi naye na mwenyekiti, tukakumbuka wiki moja moja. Wanachama wawili hawakuwa wametoa wiki hiyo, walikuwa wameomba kungojewa: hizo ni 20,000. Nazo 20,000 nyingine mwenyekiti mwenyewe alikuwa amezichukua siku nne nyuma, kwa ajili ya gari la kupeleka maiti ya mtoto wa mwenzetu, akasema atazirudisha, akasahau katika shughuli za kilio. Hesabu ikafungwa, hakuna kilichoibwa. Lakini wiki ya kumi tulipokutana, mtu alipendekeza “tubadilishe tu, kwa amani”, na wote wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na mpaka leo naona aibu. Yule mama alirudisha kimfuko cha kitambaa alichokuwa amekishona mwenyewe kwa ajili ya pesa zetu.

Unaona kilichotokea? Sifa ilichukua mahali pa daftari. Mtu aliyeaminiwa kwa kazi yake huwekewa taratibu, na taratibu zinamlinda. Mtu aliyeaminiwa kwa kabila lake hawekewi kitu, na siku faranga zikikosekana hana karatasi ya kuonyesha. Na wakati huohuo kulikuwa na mama mwingine katika kundi letu, Mulamba kwa kabila, aliyekuwa ameuza mkaa kwa miaka ishirini na hajawahi kukosea chenji. Hakuna aliyemfikiria. Sifa ya mmoja ilikuwa imemfungia mlango yule mwingine bila mtu kusema neno baya juu yake.

Utaniuliza kama sheria inasaidia. Tunayo, tangu tarehe 7 Juni 1966, sheria namba 66-342 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Anayeonyesha chuki ya kabila kwa maneno, kwa ishara au kwa maandishi anaweza kufungwa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili. Ni sheria nzuri kwa anayewaita watu bilulu mbele ya umati au kwenye maikrofoni. Karibu nasi, Rwanda, kituo cha redio kilichoanza kutangaza Julai 1993 kilipendwa kwa muziki wake na mizaha ya watangazaji wake kabla ya kusaidia kuelekeza mauaji, na mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Mimi kila ninapokaa mbele ya maikrofoni nakumbuka mizaha ile. Lakini hakuna sheria inayoweza kumshika mtu aliyesema watu wa kwenu ni hodari, wala nisingependa iwepo. Sitaki pia utani ufe. Ukiuondoa utani wa kweli, nani atakayeshika beleshi bila kuitwa?

Basi, kuhusu wewe. Jina la Benki liache kwanza, lisikusumbue sana; wape wenzako jina lao kila mmoja, kutokana na tukio, na si kutokana na kabila. Kama kuna aliyewahi kufunga gurudumu nyuma mbele, mwite kwa hilo. Angalia wanavyopokea. Wakicheka na kukurudishia, una watani, na jina lako litapoa lenyewe. Wakinuna na kukuambia umezidi, umepata jibu la swali lako la kwanza kutoka kwao, tena bila ugomvi. Na mtu akisema “nyinyi mko hivyo”, mwulize kwa utulivu: “Nani, na siku gani?” Usitoe hotuba. Swali hilo linamrudisha kwenye tukio, na kama hana tukio ataliona mwenyewe.

Kasha usilikatae. Ukilikataa, utasemwa una kiburi, na tena unaweza kuwa kweli unaiweza kazi hiyo. Ila usilipokee jinsi ulivyopewa. Mwendee bosi asubuhi kabla kazi haijachangamka, mkiwa wawili tu, umwambie hivi: “Patron, asante kwa kuniamini. Nataka tuhesabu pamoja kilichomo leo, tuandike, tutie sahihi wote wawili.” Nunua daftari la mistari, lenye kurasa zilizoshonwa ili isichomoke hata moja bila kuonekana. Chora safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda kwa nani, kimebaki kiasi gani. Kila anayechukua pesa ya vipuri aweke sahihi, hata bosi, hasa bosi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Jumamosi mhesabu na fundi mmoja, na kila wiki awe mwingine, asiwe wa kabila lako.

Akikuambia tena kwamba mtu wa Kasai hahitaji hayo yote, usibishane naye juu ya Kasai. Mfungulie ukurasa wa kwanza, umpe bic.